Sekunde 60 za Hoteli: Kutafsiri Tangazo Bila Kumkimbiza Msimulizi

Skripti ya video ya hoteli humfikia mtafsiri ikiwa imechelewa. Picha zimeshakatwa na kupangwa, muziki umeshawekwa, droni imesharudishwa kwa mwenyewe na fedha zimeshatumika. Mafundi wa video husema picha imefungwa, maana yake hakuna tena wa kuongeza hata nusu sekunde. Katika kazi yote hiyo kinachoweza kubadilika ni maneno ya msimulizi tu, nayo sharti yaingie katika nafasi zilezile yalimokaa maneno ya lugha ya kwanza. Anayetafsiri kitabu akihitaji sentensi ndefu zaidi huongeza mstari, na ukurasa hausemi kitu. Hapa ukiongeza mstari, msimulizi bado anaeleza kitanda wakati mtazamaji ameshafika kwenye samaki wa kuchoma.

Tuchukue hoteli ya ufukweni huko Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja. Nimeitunga mwenyewe ili nisitangaze biashara ya mtu, lakini mistari yake ni ya aina inayopita mikononi mwa watafsiri kila msimu. Video ina sekunde 60. Ilitengenezwa kwa Kiingereza kwa ajili ya mgeni wa Ulaya anayekimbia baridi. Sasa hoteli inataka wageni wa nyumbani: familia za Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Nairobi, wanaosafiri shule zikifungwa au sikukuu zikiangukia mwisho wa wiki. Picha hazibadiliki, na muziki haubadiliki. Anayesikiliza ndiye aliyebadilika kabisa.

Jambo la kwanza ambalo mteja hulielewa vibaya ni kipimo. Ofisi za masoko huhesabu maneno, kwa kuwa ndivyo zinavyolipa. Maneno hayasemi lolote kuhusu muda. Kiswahili hupachika mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo neno “wanaokusubiri” peke yake lina silabi saba, ilhali Kiingereza kingelieleza jambo hilohilo kwa maneno matano na silabi sita. Mteja akilinganisha karatasi mbili ataona tafsiri ina maneno machache, atafurahi kwamba imekuwa fupi, na studioni itakuwa ndefu. Cha kuhesabu ni silabi. Kwetu kuhesabu ni rahisi, maana karibu kila silabi inaishia na irabu, na ile “m” inayosimama peke yake, kama katika “mtu” au “amka”, inahesabiwa pia.

Msimulizi wa tangazo la kutulia, anayezungumza kama mwenyeji anayemfungulia mgeni mlango, husoma takriban silabi nne na nusu kwa sekunde. Hicho ni kipimo cha kuanzia tu. Kuna wasimulizi wazito na kuna wepesi, na mtangazaji wa mpira huviacha vipimo vyote nyuma. Njia ya uhakika ni kumpa msimulizi aliyechaguliwa aya yenye silabi 100, aisome kwa sauti atakayoitumia kwenye tangazo, huku saa ikihesabu. Akimaliza kwa sekunde 22, una kipimo chako. Kisha unaitazama video bila sauti, unaandika kila kipande cha usimulizi kinaanza wapi na kuishia wapi, unazidisha, na unajua kila mstari una nafasi ya silabi ngapi kabla hujaandika neno.

Kosa linalofuata ni kuijaza nafasi yote. Kipande cha sekunde nne kina nafasi ya silabi 18, na mtafsiri mwenye bidii ataandika 18 kamili. Msimulizi atazisoma, saa itaridhika, na tangazo litasikika kama la sabuni. Hoteli inauza utulivu, na utulivu huo uko katika pumzi kati ya sentensi na katika sekunde ambazo hakuna anayesema. Mimi hujipa robo tatu ya nafasi, na mara nyingi huacha zaidi.

Mstari wa kwanza wa video yetu unakaa kati ya sekunde ya tatu na ya saba. Pazia jeupe linapepea, nyuma yake kuna bahari. Kwa Kiingereza msimulizi anamwambia mgeni aamke kwa sauti ya bahari, kwa silabi nane. Tafsiri iliyo kamili ingekuwa hivi:

“Amka ukisikiliza sauti ya mawimbi ya bahari.”

Kisarufi haina kosa, nayo ina silabi 20. Kwa mwendo wetu hiyo ni sekunde nne na nusu ndani ya nafasi ya sekunde nne. Hapo wengi huanza kutafuta maneno mafupi zaidi ya kusema yote hayo. Ni afadhali kwanza kuuliza video yenyewe imeshasema nini. Bahari inaonekana. Mawimbi yanasikika, kwa sababu mrekodi sauti aliyaweka chini ya muziki. Hakuna haja ya kumwambia mtu kwamba anasikiliza anachokisikiliza. Tunabaki na:

“Amka na mawimbi.”

Silabi saba, kama sekunde moja na nusu. Zile mbili na nusu zilizobaki zinarudishwa kwa mawimbi. Nilifikiria pia “Amka na bahari”. Yote mawili yananikumbusha “Amka na BBC”, kipindi cha redio kilichoyazoesha masikio ya watu muundo huo asubuhi kwa miaka mingi. Hilo halidhuru. Mstari unaofanana na kitu ambacho sikio linakijua husikika kama umeandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Kati ya hayo mawili nikachagua mawimbi, kwa kuwa bahari mtazamaji anaiona.

Mstari wa pili uko kwenye bwawa la kuogelea, lile ambalo ukingo wake wa mbele haujainuka, kwa hiyo maji yake yanaonekana kuungana na bahari. Nafasi ni sekunde tano. Kiingereza kinamwalika mgeni ajisahau ndani ya bwawa lisilo na kikomo. Mtu akifuata neno kwa neno atapata “Potelea kwenye bwawa letu lisilo na mwisho”. Silabi ni 16 na zinaingia vizuri. Ila mtazamaji wa Temeke atakaposikia “potelea”, sikio lake litamalizia lenyewe kwa “mbali”. Na bwawa lisilo na mwisho si mahali pa kumpeleka mtoto wa miaka sita. Ndiyo maana siamini tafsiri iliyopimwa kwa saa peke yake. Hii imepita mtihani wa muda na inamfukuza mteja.

Kwenye picha, kamera inaanzia kwenye maji ya bwawa na sekunde mbili baadaye inainuka hadi upeo wa macho. Kwa hiyo maneno yafuate mwendo huohuo:

“Bwawa na bahari, macho hayaoni mpaka.”

Silabi 15, zaidi kidogo ya sekunde tatu. Neno “bwawa” linaangukia kwenye bwawa. Baada yake msimulizi anavuta kidogo, na “bahari” linatoka kamera ikiwa inapanda. Wahariri wa video hupenda sana neno na picha zikikutana hivi, nao ndio wanaoona kwanza zikipishana.

Kupishana huko huletwa mara nyingi na mpangilio wa maneno. Kiingereza hutanguliza sifa, kisha kikataja kitu. Sisi hutaja kitu kwanza. Katika video yetu kuna picha mbili za haraka: ya kwanza ni nakshi zilizochongwa kwa mkono, kwa karibu sana, ya pili ni mlango mzima wa Kizanzibari wenye nakshi hizo. Msimulizi wa Kiingereza anataja uchongaji, halafu mlango, sawasawa na picha. Ukiandika “Milango iliyochongwa kwa mkono”, neno la mlango linatoka wakati mtazamaji anaangalia petali za ua, na la kuchonga linakuja mlango ukiwa umeshaonekana. Dawa yake ni kuitafutia sifa jina linaloweza kusimama peke yake na kutangulia:

“Nakshi ya mkono, mlango wa Unguja.”

Sentensi haina kitenzi, na kwa tangazo inafaa. Angalia tu isizidi moja au mbili katika dakika nzima. Video yenye vipande visivyo na vitenzi kuanzia mwanzo hadi mwisho husikika kama orodha ya bidhaa dukani.

Mkazo nao una mambo yake. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo karibu kila sentensi yetu inamalizika kwa silabi laini. Matangazo ya Kiingereza hupenda kumaliza kwa silabi nzito inayogongana na pigo la ngoma. Ukimwachia mhariri aweke Kiswahili mahali palepale, silabi yetu dhaifu ndiyo itakayogongana na ngoma, na mtazamaji atahisi kuna kitu kimeteleza bila kujua ni nini. Video yetu inapita fremu 25 kwa sekunde. Mhariri akiusogeza mstari mbele fremu tano, ameuchelewesha sehemu moja ya tano ya sekunde, ambayo ni karibu sawa na silabi moja. Kwa hiyo maelezo ya mtafsiri yawe mafupi: andika kando ya mstari ni silabi ipi inayotakiwa kukutana na pigo. Katika “karibu” ni “ri”.

Tumefika kwenye sauti na tabia yake, na hapa mizani haisaidii. Msamiati wa matangazo ya hoteli kwa Kiingereza umejengwa kwa vitenzi vya kuacha maisha yako: kutoroka, kujisalimisha, kuzama, kujidekeza. Kwetu anayetoroka ni mahabusu au mwanafunzi wa bweni. Anayejisalimisha anakwenda kituo cha polisi. Kudeka ni kwa mtoto, na mtu mzima akiambiwa ajidekeze anaweza kuona anatukanwa kwa upole. Yako pia maneno yasiyo na kosa ambayo yamechafuliwa na matumizi. “Anasa” hutajwa zaidi mimbarini, watu wakionywa wajiepushe nayo. “Starehe” ni neno la heshima unapomwambia mtu asiinuke, lakini familia ikiambiwa hapa ni mahali pa starehe, baba atataka kwanza kujua za aina gani. “Masaji” limebandikwa kwenye mabango mengi ya mitaani yenye shughuli za mashaka. Na “kukandwa” humrudisha mwanamke kwenye maji ya moto baada ya kujifungua.

Yatakayobaki si machache: kupumzika, kutulia, upepo, kivuli, kunyoosha miguu, kupokewa. Ni maneno ya kawaida. Mtu wa masoko atalalamika kwamba hayana mng’aro. Mng’aro uko kwenye picha, na hoteli imeshaulipia.

Kipande cha spa kinaonyesha vizuri jinsi mambo haya yanavyokutana. Nafasi ni sekunde sita. Mkono wa mwanamke unapakwa kitu kilichosagwa, kando kuna kinu kidogo na maua. Kiingereza kinamtaka mgeni ajisalimishe kwa ibada ya kale ya kisiwani. “Ibada” kwa msikilizaji Mwislamu au Mkristo ni sala, kwa hiyo limeondoka. “Ya kale” ni maneno ya mtu anayeangalia kutoka mbali, maana kwa mwanamke wa Unguja jambo hili si la kale hata kidogo: ni singo, mchanganyiko wa maua na viungo ambao bibi harusi husingwa kabla ya siku yake. Video ya Kiingereza ilihitaji kueleza kitu kigeni. Ya Kiswahili inahitaji kukitaja tu:

“Singo ya karafuu na mawaridi, kama siku ya harusi.”

Silabi 20, kama sekunde nne na nusu, na bado ipo sekunde moja na nusu ya kuvuta pumzi. Lakini hapa mtafsiri hawezi kuamua peke yake. Neno “singo” ni ahadi. Kama hoteli inatumia krimu ya chupa iliyoagizwa kutoka nje, na kinu kililetwa kwa ajili ya kamera, mgeni wa kwanza kutoka Ng’ambo atalijua hilo kabla hajavua viatu. Inabidi kuuliza hotelini wanapaka nini hasa. Wakijibu ni mafuta ya nazi, basi tunasema mafuta ya nazi.

Swali la namna hiyo linahitajika pia kwenye picha nzuri kuliko zote, ile ya jahazi na jua jekundu. Kiingereza kinazungumzia jua linalozama baharini. Jambiani inaangalia mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama nyuma ya minazi, upande wa nchi kavu. Anayetaka kuliona likizama baharini huenda Kendwa au Nungwi, au anakaa Forodhani mjini. Mgeni aliyeko London hawezi kulijua hilo, na huenda wala hatajali. Mtu wa Dar aliyewahi kwenda atacheka na kutuma video kwa wenzake. Ama picha ilipigwa alfajiri, tuandike “Jua linachomoza, jahazi linaondoka”, ama ilipigwa kwingine, na hapo ni hoteli inayopaswa kuamua. Pwani hiyohiyo maji yakipwa hurudi nyuma mamia ya mita, na wakulima wa mwani huonekana wakifanya kazi pale ambapo asubuhi palikuwa na kina. Kwa hiyo mstari unaoahidi kuogelea baharini mchana kutwa unakatwa. Ukitaka, weka mahali pake kutembea juu ya mchanga maji yakipwa. Watoto hulipenda hilo kuliko bwawa.

Jambo jingine linaloondoka lenyewe ni wenyeji wakarimu. Katika toleo la Kiingereza kuna sekunde tatu za mzee anayetabasamu na msimulizi anayesifu ukarimu wa watu wa kisiwani. Mtazamaji wetu ni mwenyeji, au ni jirani wa mwenyeji. Huwezi kumsifia mjomba wake kwamba anatabasamu vizuri. Hapo niliandika “Karibuni sana” na kuiacha picha ya mzee iendelee, kama kwamba ni yeye aliyesema.

Mpishi ni habari nyingine, kwa kuwa anaonekana akizungumza. Desturi ya studio ni kumwacha asikike kwa sauti yake sekunde moja au mbili, kisha sauti ya tafsiri inaingia juu yake na kumaliza kidogo kabla hajamaliza. Kwa mpishi wa Kifaransa hilo linafaa. Kwa mpishi aliyezaliwa Makunduchi, aliyezungumza Kiingereza kwa sababu aliombwa, ni kichekesho. Mpigieni simu arekodi upya kwa Kiswahili. Hata simu ya kawaida, ndani ya chumba chenye mapazia na magodoro, hutoa sauti inayotosha kwa sekunde tano zenye muziki chini yake.

Sekunde nane za mwisho zina nembo, tovuti, simu na kaulimbiu. Usikubali namba ya simu isomwe. Namba ya tarakimu kumi ina silabi zisizopungua 20, na mara nyingi zaidi ya hizo, ambazo ni sekunde nne na nusu za sauti nzuri kusema kitu ambacho hakuna atakayekikumbuka. Iandikwe. Kama kuna saa kwenye skrini, kwa mfano vyumba kuwa tayari saa 14:00, msimulizi aseme “saa nane mchana”. Watazamaji wetu hubadilisha saa hizo kichwani bila shida, lakini msimulizi anayesema “saa kumi na nne” anasikika kama tangazo la uwanja wa ndege. Na kwa soko la nyumbani mstari wenye nguvu kuliko yote haumo kwenye skripti ya Kiingereza kabisa: bei ya wakazi. Hoteli nyingi za pwani zina bei tofauti kwa wakazi na kwa wageni wa nje, na familia inayoangalia bwawa lile inajiuliza jambo moja tu. Maneno “Bei maalumu kwa wakazi” yakiandikwa chini ya nembo yanajibu bila kuomba hata silabi moja ya msimulizi.

Kaulimbiu ya Kiingereza inasema kutoroka kwako kunaanzia hapa, kwa silabi sita. “Mapumziko yako yanaanzia hapa” ina silabi 14, inaingia, na inasikika kama barua ya idara ya utumishi. Tukachukua “Karibu upumzike”, silabi nane, na pigo la mwisho la muziki likaangukia kwenye “zi”.

Siku ya kurekodi, mtafsiri awepo studioni, au awe kwenye simu. Msimulizi atajikwaa mahali ambapo kwa macho palikuwa pazuri, hasa penye mfululizo wa “ki” au “li”, na neno jingine litahitajika papo hapo. Kila mstari urekodiwe mara mbili, mara moja kwa mwendo uliopangwa na mara moja taratibu zaidi, kwa kuwa mhariri anaweza kuubana ukimya lakini kuivuta sauti huifanya iwe ya mlevi. Halafu, kazi ikiwa imekwisha, meneja wa masoko ataomba neno “kifahari” liongezwe baada ya kila “chumba”. “Cha kifahari” ni silabi tano, zaidi ya sekunde moja kila mara. Mwonyeshe karatasi yenye safu za muda, picha, maneno na silabi, na umwambie achague ni picha ipi iondoke ili neno hilo lipate mahali. Akikosa, litaandikwa kwenye skrini.